Treni ya Pugu na Daladala Zake: Namna ya Kuunga Safari na Kuhesabu Nauli

Abiria ashukaye katika treni ya Pugu wakati wa maghribi, pale Gongo la Mboto, hataona ubao wa kumwonyesha gari la Majohe husimama wapi, wala hana mkononi tiketi moja imtoayo Kariakoo hadi mlangoni kwake. Lakini akivuka reli na kutembea hatua chache atakuta daladala tatu au nne zimewashwa, makonda wakinadi majina ya vitongoji kwa sauti iliyokwisha kukauka, na bajaji zimepanga mstari kama kwamba zilipewa habari na mkuu wa stesheni mwenyewe. Hazikupewa. Maungano hayo baina ya reli na barabara hayamo katika ratiba ya upande wowote, na kwa sababu hayamo, mtu ayategemeaye kila siku hana budi kuyajua kwa maarifa yake mwenyewe: lipi litakuwapo kesho, lipi litakosekana mvua ikinyesha, na kila moja linamgharimu kiasi gani mwisho wa mwezi.

Sababu ya hali hii ni ya zamani. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na makusudi yake yalikuwa kuteremsha shehena kutoka bara hadi bandarini, si kumpeleka karani ofisini. Vitongoji tuvionavyo leo kandokando yake vilikuja baadaye vikajipanga penye nafasi, na barabara zake zikachimbwa bila kuuliza kituo kitakuwa wapi. Daladala nazo, ambazo zilipata ruhusa ya kuchukua abiria mwaka 1983 baada ya mabasi ya shirika la umma kushindwa kutosheleza jiji, na zikaitwa hivyo kwa ile sarafu ya shilingi tano iliyokuwa ikiitwa dala, zilifuata watu barabarani, si relini. Hata treni ya abiria wa mjini ilipoanza Oktoba 2012 kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, ile ambayo watu waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, na ya Pugu ilipofuata mwaka 2016, hakuna aliyeandika mkataba baina ya treni na daladala. Kila mmoja alimwacha mwenzake afanye ajualo.

Basi swali la kwanza ambalo msomaji ajiulize juu ya gari lolote aliunganishalo na treni ni hili: kama treni isingekuja leo, gari hili lingekuwa hapa? Swali ni dogo, lakini lapambanua mambo mengi. Daladala ipitayo Barabara ya Nyerere kati ya Gongo la Mboto na mjini ingekuwapo hata kama reli yote ingeng'olewa usiku, kwa kuwa njia yake ina abiria mchana kutwa. Huyo ni mwenzi wa kutegemewa, ijapokuwa hakujui. Gari la kitongoji, mathalan liendalo Majohe, lina abiria wake wa kawaida asubuhi na jioni, lakini adhuhuri hupungua, na treni ikichelewa laweza kuondoka na abiria wa sokoni likakuacha. Halafu kuna gari la tatu ambalo halina kazi hapo ila treni: kipanya kilichoacha njia yake kwa nusu saa kije kuokota watu wa relini, au bajaji iliyotoka kijiweni kwake kwa kusikia honi. Hilo la tatu huja upesi kuliko yote na hutoweka upesi kuliko yote, na msafiri aliyejenga ahadi zake juu yake atakuja kujuta siku ambayo dereva amepata mkodi wa harusi.

Nilipata kumwuliza konda mmoja, kijana mwenye adabu, namna wanavyojua treni imekaribia hali hawana ratiba. Akaniamkia kwanza, kisha akasema, "Mzee, sisi tunasikia honi inalia kule Mombasa, tunawasha gari." Alikusudia Mombasa ya Ukonga, si ile ya majirani zetu. Nikamwuliza tena: na isipolia? Akacheka. "Isipolia tunasubiri watu kumi, tukipata kumi tunaondoka. Hesabu ya tajiri haisubiri treni." Maneno hayo yana elimu kubwa ndani yake. Dereva wa daladala aghalabu hana mshahara wa kutegemea. Ana hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha ambacho lazima akabidhi kwa mwenye gari kila siku, na kinachozidi, baada ya mafuta, ndicho chake na konda wake. Kila dakika asimamayo kukungoja ni sehemu ya safari nyingine anayoipoteza. Kwa hiyo atangoja kadiri matumaini ya kujaza gari yanavyozidi hasara ya kusimama, wala hapiti hapo. Na treni ikichelewa mara mbili au tatu katika juma moja, juma la pili hayupo, naye hana haja ya kukuaga.

Kulitambua gari lililo katika njia yake halali na lile lililopotoka si kazi ngumu. Daladala za Dar es Salaam zina mshipi wa rangi ubavuni kwa kufuata njia iliyoandikwa katika leseni, na majina ya vituo vya mwisho yameandikwa mbele. Gari lenye rangi isiyozoeleka kituoni hapo, na konda wake anataja kwa mdomo mahali pasipoandikwa kiooni, ni gari la kuvamia. Laweza kukufaa sana leo, lakini usiliingize katika mpango wako wa mwezi. Tena ni lazima kumwuliza konda kabla ya kuketi swali ambalo wengi huliuliza wakiwa wamekwisha kuchelewa: "Kaka, unafika mwisho?" Maana desturi mbaya ya kukatisha ruti, yaani kuwashusha abiria nusu ya njia kisha kugeuza kuwahi wengine, ndiyo iifanyayo safari ya nauli moja kuwa ya nauli mbili. Sheria hairuhusu, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini hupokea malalamiko ya namna hiyo mtu akiwa ameshika namba ya gari. Lakini jioni yenyewe, ukiwa na mzigo mkononi, malalamiko hayatakufikisha nyumbani.

Baada ya hayo yafaa msomaji atenge akilini safari ya asubuhi na ya jioni, kwa kuwa ingawa njia ni moja, hatari zake si moja. Asubuhi hatari iko mbele ya treni. Treni ina saa yake ya kuondoka, na gari la kukufikisha kituoni halina saa, linaondoka linapojaa. Jioni hatari iko nyuma ya treni: mabehewa kadhaa hutapika watu mamia kwa dakika mbili, na magari yaliyopo hayawezi kuchukua hata robo yao kwa mara moja. Mtu atumiaye hila moja kwa nyakati zote mbili atafaulu nusu ya siku tu.

Kwa asubuhi, dawa ni kupima, na kupima si kukisia. Chukua asubuhi kumi za kazi, uandike kila siku dakika zilizopita tangu kufunga mlango hadi kukanyaga kituo cha treni, pamoja na muda wa kungoja gari lijae. Mimi niliandika zangu, zikawa, nikizipanga kuanzia fupi hadi ndefu, 22, 24, 25, 25, 27, 28, 30, 33, 41 na 58. Wastani wake ni dakika 31 na kidogo, na mtu wa haraka angesema, basi nitatoka dakika 32 kabla ya treni. Lakini tazama orodha: katika siku kumi, tatu zilizidi 32, kwa hiyo mtu huyo ataikosa treni siku tatu katika kumi, kisha alaumu reli. Shika namba ya tisa, 41, wala usishike wastani. Utaikosa siku moja tu, ile ya 58, ambayo kwangu ilikuwa siku ya mvua na lori lililokwama, nayo ni siku ambayo hata mwenye gari lake mwenyewe alichelewa. Bei ya usalama huo ni dakika tisa za usingizi.

Kwa jioni, kupima hakusaidii sana. Kunakosaidia ni kuchagua mahali pa kushukia. Wengi hushuka kituo kilicho karibu na nyumbani kwa ramani, ambacho huenda si kilicho karibu kwa saa. Mkazi wa upande wa Majohe aweza kujaribu Gongo la Mboto, penye magari mengi na watu wengi, au kuendelea hadi Pugu, penye magari machache na watu waliokwisha kupungua kwa kuwa wenzao wameshuka nyuma. (Nasema Pugu ya reli ya zamani, msomaji asiichanganye na stesheni ya Pugu ya treni mpya ya umeme iendayo Morogoro na Dodoma, iliyoanza kazi mwaka 2024, ambayo ina tiketi zake na taratibu zake.) Ajaribu kila kimoja kwa juma zima, kwa sababu jioni moja haitoi ithibati. Vilevile akae behewa lililo karibu na njia ya kutokea, maana baina ya mtu wa kwanza kuvuka reli na wa mia kuna tofauti ya gari moja zima, na gari moja kwa saa hiyo laweza kuwa dakika ishirini.

Kuna na ile hila iitwayo kugeuza nalo, ambayo wenyeji wa Dar es Salaam hawahitaji kufundishwa: abiria hupanda gari likiwa bado laelekea mwisho wa njia, vituo viwili nyuma, ili liwapo likigeuza yeye tayari amekaa. Wapo walioihamishia hila hii kwenye treni. Huko mjini, jioni, badala ya kungoja kituo cha Kamata ambako behewa hufika limejaa, hutembea hadi Stesheni inakoanzia safari, wakapata kiti. Katika daladala hila hii mara nyingi huleta nauli ya pili, kwa kuwa konda hudai malipo ya kwenda na ya kurudi. Katika treni hulipwa kwa miguu tu. Mimi kwa umri wangu naiona ni biashara nzuri, lakini kijana mwenye haraka ataona upumbavu, na huenda ana haki.

Sasa tufike penye fedha, ambapo ndipo watu wengi hujidanganya, si kwa kukosa hesabu bali kwa kuhesabu kitu ambacho sicho. Husema, nauli ya treni ni ndogo kuliko ya daladala, basi treni ni rahisi. Lakini nauli za daladala hupangwa kwa umbali, na kiwango cha chini, ambacho Desemba 2023 kilipanda kutoka shilingi 500 kufika 600, hulipwa na aendaye kilomita mbili sawasawa na aendaye kilomita kumi. Maana yake ni kwamba kipande kifupi cha kukufikisha relini ndicho ghali kuliko vyote kwa kila kilomita, na safari iliyokatwa vipande vitatu hulipiwa kiwango hicho cha chini mara nyingi kuliko safari iliyokatwa viwili. Treni haishindi kwa nauli yake; hushinda au hushindwa kwa idadi ya vipande vilivyo pande zake mbili.

Tuchukue mfano wa jirani yangu, mama auzaye vitenge Kariakoo na akaaye Majohe, ambaye tuliketi naye barazani tukafanya hesabu yake kwa kipande cha mkaa kabla hatujapata kalamu. Nauli nitakazozitaja ni za mfano. Msomaji aweke zile zinazotozwa siku asomapo, kwa maana kanuni ndiyo ninayotaka kuionyesha. Tuseme Majohe hadi Gongo la Mboto ni 600, Gongo la Mboto hadi Kariakoo kwa barabara ni 700, na tiketi ya treni ni 600. Akienda kwa barabara tupu analipa 1,300 kwa safari moja. Akienda kwa treni analipa 600 za kufika kituoni na 600 za tiketi, anashuka Kamata na kutembea hadi dukani, jumla 1,200. Afanyapo kazi siku 26 kwa mwezi ana safari 52. Kwa barabara ni 67,600, kwa treni ni 62,400. Akiba ni 5,200.

Mama akafurahi, nami nikamwomba asubiri kidogo, kwa sababu hesabu hiyo ni ya mwezi usiokuwapo duniani: mwezi ambao kila treni imewahiwa na kila gari la Majohe limepatikana. Nikamwuliza, mwezi uliopita ulikosa treni asubuhi mara ngapi? Akasema mara nne, na mara zote alikuwa hajakata tiketi, akapanda daladala ya 700 badala ya treni ya 600. Hasara ni 100 mara nne, yaani 400, jambo dogo. Na jioni, ukishuka ukakosa gari? Hapo akanyamaza kidogo. Jioni tano, akasema, alichukua bajaji peke yake kwa 1,500, kwa kuwa giza lilikuwa limeingia na watoto wanangoja. Badala ya 600 alilipa 1,500, ziada 900 mara tano, nayo ni 4,500. Jumlisha 62,400 na 400 na 4,500, upate 67,300. Akiba yake ya 5,200 imekuwa 300. Haitoshi hata nauli ya kipande kimoja.

Angalieni ufa ulipo. Hakuupata kwenye treni, na kuchelewa kwa asubuhi, ambako alikuwa akikulalamikia kuliko kitu kingine, kulimla mia nne tu kwa mwezi mzima. Fedha zilivuja katika kilomita chache za mwisho, gizani, pale ambapo maungano yasiyo rasmi huvunjika na mtu kulipa chochote aambiwacho. Yeyote atakaye kupunguza gharama ya safari ya namna hii aanzie hapo, ayaache mengine.

Kwa mama huyu tiba ilipatikana kwa bajaji ileile iliyokuwa ikimmaliza. Bajaji huchukua abiria watatu, na 1,500 ikigawanywa kwa watatu ni 500 kwa kila mmoja, pungufu ya nauli ya daladala. Alikuwa akiwajua kwa sura wanawake wawili wa Majohe wapandao behewa lake. Wakapeana namba za simu, wakakubaliana kwamba wakishuka na kutoona gari la kuingia upesi, wanachukua bajaji pamoja. Jioni zake tano zikigeuka kuwa za 500, hazimwongezei kitu bali zinampunguzia 100 kila moja, na mwezi wake unakuwa 62,300, akiba ya 5,300 dhidi ya barabara. Mtu atauliza, basi kwa nini asifanye hivyo kila siku? Kwa sababu watatu waendao mtaa mmoja kwa dakika moja hawapatikani kila siku. Wa kwanza ameshuka kununua dagaa, wa pili amebaki dukani. Tena bei ya bajaji haina kibandiko: ipatanwe kabla ya kukaa, kwa jumla na si kwa kichwa, na itajwe kwa maneno yaliyo wazi, "elfu moja mia tano, wote watatu, hadi shuleni", la sivyo mwisho wa safari dereva atasema alikusudia mia saba kila mtu.

Upande wa mjini nao una mtego wake, ijapokuwa ni mmoja tu. Hesabu niliyoionyesha inasimama kwa kuwa mama alitembea kutoka Kamata. Kama kazi yake ingekuwa mahali pa kuhitaji gari la tatu, tuseme kwa 600 nyingine, safari ingekuwa 1,800 dhidi ya 1,300 ya barabara kama ana gari la moja kwa moja, na kwa safari 52 angepoteza 26,000. Kwa hiyo kabla ya kujifunga na treni, chora kwa akili mahali unapoweza kufika kwa miguu kutoka vituo vyake vya mjini. Kamata inakupa Kariakoo na Gerezani, na hapo Gerezani pana kituo cha mabasi ya mwendo kasi kwa aendaye Kimara, ambaye hata hivyo atalipa nauli ya tatu. Stesheni inakupa Posta, Mnazi Mmoja kwa mwenye miguu mizuri, na kivuko cha Kigamboni kwa mwenye subira. Aendaye Mwenge au Mikocheni hana faida ya fedha katika treni hii. Huenda ana faida ya muda, nayo ahesabu kwa muda, asijidanganye kwa shilingi.

Masika yanataka fungu lake katika daftari. Kuanzia Machi hadi Mei barabara za udongo za vitongoji huharibika kwanza, hata kabla ya reli, na hapo kukatisha ruti huwa jambo la kila jioni. "Mama, mwisho ni hapa, mbele ni tope," asema konda, na hasemi uongo daima. Lakini nauli huchukua ileile, na kipande kilichobaki kinadai bodaboda. Nashauri bajeti ya miezi hiyo itengwe mbali na ya kiangazi. Kama daftari lako la Februari laonyesha jioni tano za hasara, usishangae Aprili ikionyesha kumi, na ukizipangia kumi mapema utakuwa na fedha mfukoni badala ya kumkopa mwenye duka. Siku ambayo reli yenyewe imefungwa, iwe kwa mafuriko au kwa treni ya mizigo iliyoharibika katika njia ambayo yatumiwa na wote, utaijua kwa ishara moja isiyokosea: wapanda treni wazoefu, wale wenye viti vyao vya kudumu, wanaanza kurudi barabarani bila kuuliza mtu. Wafuate. Usikate tiketi kwanza ndipo uulize.

Kuhusu daftari lenyewe, halihitaji fahari. Majuma mawili yatosha, safari 24 kwa afanyaye kazi siku sita. Kila safari iandikiwe mambo manne katika mstari mmoja: saa ya kutoka, saa ya kufika, jumla ya fedha iliyotoka mfukoni, na neno moja la kueleza kilichoharibika kama kimeharibika, kama vile "gari", "treni", "mvua", "giza". Neno hilo moja ndilo lenye thamani kuliko namba zote, kwa kuwa mwisho wa majuma mawili utahesabu neno lipi limejirudia na limekula kiasi gani, na hapo utajua la kurekebisha. Andika siku hiyohiyo. Hesabu ya nauli ikumbukwayo Jumamosi daima ni ndogo kuliko iliyolipwa, kwa sababu mtu husahau zile mia mbili za chenji ambazo konda hakuzirudisha.

Na kila mwanzo wa mwezi pita dirishani Stesheni uulize saa za treni, usitegemee za mwaka jana wala za jirani. Treni hii ni ya asubuhi na jioni, ya kuwapeleka watu kazini na kuwarudisha. Atakayetoka mapema kwa ruhusa ya ugonjwa saa sita mchana, au atakayebaki kazini hadi usiku, arudi kwa barabara, na nauli hiyo aiweke akiba tangu mwanzo.

Mama wa vitenge sasa ana mwezi wa tatu katika mpango wake. Mwezi wa kwanza alipata akiba ya 4,100, wa pili 4,700; mwezi huu bado, kwa sababu mwenzake mmoja wa bajaji amehamia Chanika, na wa kumrithi hajapatikana.